Unga umezidi makadirio: ni bei au ni matumizi?

“Gharama ya unga imepanda, basi muuzaji katupandishia bei.”

Si lazima. Chukua mikate 1,000, kila mmoja umepangiwa nusu kilo ya unga wa shilingi 1,600 kwa kilo: jumla 800,000. Zikatumika kilo 560 zilizonunuliwa kwa 1,550, yaani 868,000. Bei imeokoa 50 × 560, sawa na 28,000. Matumizi yamezidi kilo 60. Zizidishe kwa bei ya makadirio, si ya dukani, upate hasara ya 96,000. Toa 28,000, inabaki 68,000 iliyozidi.

Mnunuzi asipongezwe haraka. Unga wa bei nafuu ukiwa dhaifu hunywa maji kidogo, hivyo mfuko hutoa mikate michache. Pima madonge kwanza: yakizidi uzito, muulize mkataji.