Kupumzisha televisheni: inasubiriwa nini hasa?

Kupumzisha televisheni ni kuiacha bila ya umeme baada ya kuihamisha, mpaka joto lake lilingane na la chumba na unyevu ulioishika ukauke. Basi. Lakini kila anayehama, awe anatoka Jang'ombe kwenda Fuoni au anavuka bahari kwenda Mkoani, Pemba, huambiwa aiache saa 24 "ili itulie", na anayemwambia hasemi kinachotulia ni kitu gani.

Sharti hilo ni la friji. Friji ina kompresa yenye mafuta. Ukiilaza, mafuta hukimbilia kwenye mabomba ya gesi, kwa hiyo husimamishwa saa kadhaa yarudi pahala pake. Televisheni bapa haina kompresa, haina mafuta. Umajimaji wa kwenye kioo chake ni utando mwembamba mno uliozibwa baina ya vioo viwili, na haumwagiki kwa kulazwa.

Hata hivyo usiilaze, kwa sababu nyingine kabisa. Kioo ni kipana, chembamba, na kimeshikwa kingoni tu. Kikisimama, uzito hushuka kwenye ukingo wa chini. Kikilala, katikati hubaki hewani na kila shimo la barabara hukipinda. Fungua miguu ya televisheni, kinga kioo kizima kwa boksi gumu, zungusha blanketi, kisha isimamishe garini ikiegemea godoro. Kamba isipite katikati ya kioo. Kikipasuka, ukiwasha utaona mistari au doa jeusi, na hilo hata uisubiri wiki haliondoki.

Sasa unyevu. Tuseme televisheni imelala chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20, na asubuhi ya masika inatolewa nje kwenye nyuzi 29. Kioo kitatoka jasho kama chupa ya maji baridi, na jasho hilo hilo linaweza kushika bodi za ndani usizoziona. Umeme ukipita hapo, ndipo inapoungua. Dawa yake ni kuzima kiyoyozi tangu usiku. Ukisahau, ifunge plastiki humo humo chumbani kabla ya kuitoa, unyevu ushike plastiki, na usiifungue mpaka ipate joto. Ukifika, gusa mgongo wake kwa kiganja: ikiwa bado baridi kuliko meza iliyo karibu, ngoja. Mara nyingi saa moja au mbili hutosha.

Ikirushiwa maji ya bahari botini, hapo kusubiri hakufai kitu. Maji hukauka, chumvi hubaki ikila bodi. Ipeleke kwa fundi kabla ya kuiwasha.

Kwa hiyo jirani akikuhimiza usubiri mpaka kesho, mwambie kwa upole kwamba hilo ni la friji. Televisheni iliyotoka chumba kisicho na kiyoyozi ikaingia chumba cha namna hiyo hiyo, ikafika kavu, ichomeke tu mtazame taarifa ya habari.