Kombe la Mshindi Chini ya Bahari: Kumwandikia Mwanafunzi Fasili ya "Nanga"

Muuguzi mmoja kutoka bara, aliyehamishiwa Mombasa na anayehudhuria darasa letu la Kiswahili la jioni, alikuja siku moja na kipande cha gazeti. Kichwa cha habari kilisema kwamba mashindano ya soka ya kaunti "yang'oa nanga" Jumamosi. Kung'oa alikujua, maana hospitalini meno hung'olewa kila siku. Nanga hakuijua. Akafungua kamusi, akakuta fasili ya namna hii:

> nanga chuma kizito chenye makombe kinachotoswa baharini ili kuzuia chombo kisichukuliwe na mkondo.

Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini kombe la mshindi linatupwa baharini?"

Hakuwa akitania. Alisoma habari ya mashindano, akaona neno makombe, na makombe anayoyajua yeye ni yale yanayoinuliwa juu baada ya fainali. Chombo, kwake, ni sahani na sufuria, kwa kuwa neno hilo alilipata jikoni, kwenye kuosha vyombo. Kutosa na mkondo hakuwahi kuyasikia. Kwa hiyo katika maneno kumi na mawili ya fasili hiyo, manne yalimwangusha, na mawili kati ya hayo ni maneno aliyoamini anayajua. Hayo mawili ndiyo yaliyomdhuru zaidi. Neno geni kabisa humsimamisha msomaji akauliza. Neno analolijua kwa maana nyingine humwacha aendelee kusoma huku amekwisha kupotea.

Fasili yenyewe haina kosa. Mpelekee baharia wa jahazi pale Bandari ya Kale naye atakubali kila neno: makombe ni jina halisi la ile mikono ya nanga inayopinda na kushika chini, na chombo ndiyo kauli ya pwani kwa jahazi, mashua au meli. Ila imeandikwa kwa mtu aliyekwisha kuiona nanga, anayetaka tu kuhakikisha. Mwanafunzi anakuja kutoka upande wa pili: hana kitu chochote kichwani isipokuwa sauti ya neno, na anatakiwa akipate kitu chenyewe kwa maneno tunayompa.

Kanuni tunayoifuata katika kutunga kamusi ya wanafunzi inasemeka kwa sentensi moja. Kila neno ndani ya fasili liwe la kawaida zaidi na rahisi zaidi kuliko neno linalofasiliwa, na litumike kwa maana yake inayojulikana zaidi. Kanuni hii ina umri sasa. Mwaka 1935 Mwingereza Michael West, aliyekuwa amefundisha Kiingereza huko Bengali, alitoa kamusi ya wanafunzi ambayo fasili zake zote ziliandikwa kwa maneno 1,490 tu. Mwaka 1978 kampuni ya Longman ikatoa kamusi kubwa zaidi kwa mtindo huohuo, ikitumia orodha ya maneno kama 2,000. Neno la nje ya orodha likilazimika kuingia, kamusi hiyo huliandika kwa herufi kubwa zenye kimo kidogo, ili msomaji ajue kwamba hilo aliangalie mahali pake.

Ukitaka kuifanya kazi hii kwa Kiswahili utakumbana na jambo ambalo Waingereza halikuwasumbua sana. Orodha yetu ni ya mizizi, lakini mwanafunzi hasomi mizizi. Tazama "kisichukuliwe" katika fasili ya hapo juu. Chukua ni neno la wiki ya kwanza darasani. Hakuna orodha itakayolikosa. Lakini humo limevikwa ki- ya chombo, si- ya kukanusha, -w- ya kutendwa na -e ya mwisho, na muuguzi wetu, mbali na yale manne, hili nalo hakulitambua mpaka nilipomtenganishia vipande. Kwa hiyo ukaguzi wa orodha peke yake unaweza kukuambia fasili ni nyepesi wakati msomaji ameshindwa kuinyanyua. Katika kazi yetu tunajiwekea mpaka: umbo la kutendwa tunaliruhusu, kukanusha tunakuruhusu, ila si vyote viwili pamoja na kitenzi cha -e katika neno moja. Tunapenda sana vitenzi vya hu-, kwa sababu hu- haibadiliki. Iwe kitu, iwe watu, iwe meli, ni "hufungwa" tu, na msomaji hana haja ya kuwinda ngeli.

Basi tukakaa na nanga darasani, mimi na wanafunzi sita. Namna yetu ya kupima ni hii: naandika fasili ubaoni bila neno lenyewe, kila mmoja anachora anachokielewa, kisha tunaweka michoro mezani. Sijaona kipimo kinachoshinda hiki. Mtu akiulizwa "umeelewa?" hujibu ndiyo kwa adabu tu, mchoro hauna adabu hiyo.

Mara ya kwanza niliandika: "Kitu kizito kinachofungwa kwa kamba na kutupwa majini." Kila neno ni jepesi. Mmoja akachora ndoo ya kisimani. Mwingine, ambaye mumewe huvua, akachora mshipi wa samaki na kipande cha risasi mwishoni, yaani chubwi. Wa tatu akachora mfuko wa takataka ukielea, akaniambia kutupa ni kutupa. Wote watatu walikuwa sahihi kwa maneno niliyowapa. Hapa ndipo wanaoanza kazi hii wanapoteleza mara nyingi: wanaondoa maneno magumu, halafu pamoja nayo wanaondoa kile kinachoitofautisha nanga na chubwi. Urahisi umepatikana, maana imekwenda. Ukitaka kujua kama fasili yako imefikia hapo, tafuta kitu kingine kimoja tu kinachoingia ndani yake. Kikipatikana, bado hujamaliza.

Mara ya pili nikaongeza kazi ya kitu hicho, na nikaliondoa "kutupwa". Nilifikiria "kuteremshwa", lakini "kushushwa" wanalisikia kila siku ndani ya matatu, abiria anaposhushwa Buxton au Mwembe Tayari. Ikawa: "Kitu kizito cha chuma kinachofungwa kwa kamba au mnyororo na kushushwa majini ili meli isiondoke." Safari hii michoro yote sita ilikuwa na meli juu na kitu chini. Lakini kitu chenyewe kilikuwa tofali, au mpira mzito wa chuma. Kisha kijana anayetoka Kisumu akauliza kama mashua za ziwani nazo zina kitu hiki, na nikashukuru kwamba nilikuwa nimeandika "majini", maana fasili ya kwanza ya kamusi ilisema "baharini", kana kwamba maziwa yetu hayana nanga.

Je, umbo lina haja? Nililifikiria usiku kucha, na jibu langu ni ndiyo. Nanga haishiki kwa uzito peke yake. Hushika kwa sababu mikono yake iliyopinda huingia mchangani au hukwama kwenye mawe, na kadiri kamba inavyovutwa kwa ubavu ndivyo inavyozidi kuzama. Tofali la uzito uleule lingeburutwa. Na zaidi ya hapo, kushika huko ndiko kunakoeleza kwa nini twasema kung'oa nanga, hatusemi kuinua nanga. Jino hung'olewa, mti hung'olewa, kitu chenye mizizi. Fasili ikiliacha hilo, muuguzi ataijua nanga lakini kichwa cha habari alichokuja nacho kitabaki kigumu vilevile.

Sasa, hiyo mikono tuiiteje? Makombe hayafai, tumekwisha kuona. Kulabu ni gumu kuliko nanga yenyewe. "Mikono" nililijaribu, na mmoja akachora vidole. "Ncha" wengine wanalijua kutokana na kalamu na sindano, wengine hawalijui. Hapo nikakubali kushindwa kidogo: nikaliruhusu neno moja la nje ya orodha na kuliandika kwa herufi kubwa, nikihakikisha kwamba "ncha" ina fasili yake nyepesi mahali pake. Idadi ya mikono sikuitaja, kwa kuwa nanga ya jahazi mara nyingi ina minne na ya meli ina miwili.

> nanga (i-/zi-) Kitu kizito cha chuma chenye NCHA zilizopinda. Hufungwa kwa kamba au mnyororo, kisha hushushwa majini. Ncha hushika mchanga au mawe chini ya maji, na meli au mashua haiondoki mahali ilipo.
> kutia nanga (meli) kufika na kusimama: *Meli imetia nanga Kilindini.*
> kung'oa nanga 1 (meli) kuanza safari. 2 (shughuli) kuanza: *Mashindano yatang'oa nanga Jumamosi.*

Ile ya mwanzo ilikuwa maneno kumi na mawili. Hii, kabla ya kufika kwenye misemo, ni thelathini, katika sentensi tatu fupi badala ya moja ndefu. Wepesi hula karatasi, na mchapishaji atalalamika. Tazama pia kwamba kutia nanga hakukufasiliwa kwa "kuteremsha nanga", wala nanga haikufasiliwa kwa "kitu cha kutia nanga". Mzunguko wa namna hiyo hupita machoni mwa mhariri kwa sababu kila fasili, ukiisoma peke yake, inaonekana safi. Huonekana tu ukizifuata mbili mpaka zikutane.

Kutunga orodha yenyewe kuna mtego wake. Ukihesabu maneno ya magazeti, utaona waziri, mkutano na serikali juu kabisa, na kamba au kijiko mbali sana chini. Wafaransa walilikuta jambo hilohilo katika miaka ya 1950, walipohesabu maneno ya mazungumzo yaliyorekodiwa: majina ya vitu vya nyumbani, ambayo kila mtoto anayajua, hayakutokea mara nyingi. Ukifuata hesabu tu, utaweza kufasili bunge vizuri na nanga utashindwa. Kwa hiyo baada ya kuhesabu, sisi huongeza kwa mkono majina ya vitu vya jikoni, vya mwilini, vya njiani na vya kazini.

Na yako maneno ambayo kanuni hii haiyafikii kabisa. Maji ni mojawapo. Ukiandika "kiowevu kisicho na rangi wala ladha", umemtoa mwanafunzi kwenye neno alilolijua siku ya kwanza ukampa kiowevu, neno ambalo hata wazawa wengi hulikutia kwenye kitabu cha sayansi. Hakuna neno jepesi kuliko maji la kuyaelezea maji. Vivyo hivyo kwenda, mtu, kubwa. Kwa maneno ya jinsi hiyo, ambayo ndiyo hayohayo yanayojenga fasili za mengine yote, tunaacha kufasili na kuweka mifano: *Nina kiu, naomba maji. Maji ya bahari yana chumvi. Leo maji hayatoki bombani.* Mfano wa tatu uliongezwa na muuguzi.