Hadidu za rejea: ripoti inakubaliwa na nani, na lini?

Hadidu za rejea ni karatasi inayoeleza kazi ya mshauri inaanzia wapi na inaishia wapi, atakabidhi nini, lini, na atalipwa kwa utaratibu gani. Neno "hadidu" ni ndugu wa "hadi", yaani mpaka. Anayeziandika anapima kiwanja na kuweka vigingi.

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa maparachichi wilayani Rungwe kinachotaka kujua kwa nini matunda mengi yanakataliwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kinamtafuta mshauri wa siku 20. Rasimu ya kwanza inaandikwa hivi: "Mshauri atafanya tathmini ya upotevu wa maparachichi Rungwe." Sentensi hiyo haina kigingi hata kimoja. Rungwe nzima? Upotevu shambani, njiani, au sokoni? Mshauri mmoja ataisoma kama kazi ya wiki moja, mwingine kama ya miezi mitatu, na bei zao hazitalinganishika.

Iandikwe upya: kata nne zilizotajwa kwa majina, tangu tunda linapochumwa mpaka linapopakiwa kwenye lori, wakulima 60 wahojiwe, na matunda yaliyokataliwa yapimwe kwenye mizani katika vituo viwili. Kisha iongezwe sentensi ambayo wengi huiacha: masoko ya nje na bei hazimo katika kazi hii. Yasiyomo yakiandikwa, hakuna atakayekuja kuyadai baadaye.

Vitu vya kukabidhi viwe vitatu tu: ripoti ya awali yenye mbinu na dodoso, rasimu ya ripoti, na ripoti ya mwisho pamoja na takwimu zote kwenye faili. "Kufanya mahojiano" ni shughuli tu. Kinachokabidhiwa ni kile mtu anachoweza kukishika na kukikagua.

Kuhusu muda, siku 20 za kulipwa si sawa na siku 20 za kalenda. Kazi hii inaweza kuchukua wiki nane, kwa sababu kuna siku za kusubiri maoni. Tena ipangwe wakati wa kuchuma. Ukimpeleka mtu vituoni wakati hakuna tunda, mizani itapima nini?

Sasa tuje kwenye malipo, ambako ndiko watu huumia. Tuseme ada ni shilingi 6,000,000: asilimia 20 baada ya ripoti ya awali, 40 baada ya rasimu, 40 baada ya ripoti ya mwisho. Mafungu yamekaa vizuri, lakini bado hayajasema ni nani anayekubali ripoti. Mimi mwenyewe niliwahi kusaini hadidu zilizosema malipo yatatolewa "baada ya ripoti kuridhisha". Niliwasilisha mwezi Juni. Ofisa mmoja alitoa maoni, nikarekebisha. Akaja mwingine na maoni yanayopingana na ya kwanza. Mkuu wao akataka sura mpya kabisa. Nilipigwa danadana mpaka Novemba, na kila aliyenizungusha alikuwa na haki, kwa sababu karatasi haikumtaja wa kuridhika.

Kifungu kinachofaa kinasomeka hivi: "Katibu wa kikundi atakusanya maoni yote na kuyatuma mara moja, kwa maandishi, ndani ya siku 10 za kazi tangu apokee rasimu. Mshauri atayafanyia kazi ndani ya siku 5. Katibu ataikubali ripoti ikiwa imejibu maswali yaliyomo katika hadidu hizi na maoni hayo. Siku 10 zikipita bila maoni, rasimu itahesabiwa imekubaliwa. Malipo yatafanyika ndani ya siku 14 baada ya kukubaliwa na ankara kupokelewa." Sentensi ya kunyamaza huwatia hofu wenye kazi, lakini ndiyo inayolifanya jalada lisilale mezani. Nao wanalindwa vilevile: ripoti isiyojibu swali la mizani inaweza kurudishwa bila ugomvi.

Kodi nayo itajwe mapema. Kwa huduma ya mshauri mkazi wa Tanzania, mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwa hiyo fungu la kwanza la shilingi 1,200,000 linapungua 60,000, na mshauri anapokea 1,140,000. Adai cheti cha zuio, maana kiasi hicho huhesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka. Nauli na malazi ya kwenda vijijini yaandikwe kama yamo ndani ya ada au yanalipwa kando kwa risiti. Hapo ndipo watu wa Tukuyu na mshauri aliyetoka Mbeya mjini hugombana mara nyingi.

Mwisho, hadidu ziambatishwe kwenye mkataba na pande zote mbili zisaini kila ukurasa. Mkubwa akitaka sura ya masoko katikati ya kazi, iandikwe nyongeza yenye siku zake na ada yake kabla mshauri hajafungua daftari.