Kukunjua mlinganyo rejeshi hadi uwe mfululizo wa kijiometri

Algoriti ya gawa-utawale hulivunja tatizo lenye ukubwa n kuwa matatizo madogo ya aina ileile, huyatatua hayo kwa kujiita yenyewe, kisha huunganisha majibu. Kwa sababu hiyo muda wake, T(n), huelezwa kwa kutumia muda wa ukubwa mdogo zaidi, na maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa mlinganyo rejeshi. Kuukunjua ni kuiondoa T upande wa kulia hatua kwa hatua, mpaka kibaki kijumlisho cha kawaida kinachoweza kukokotolewa.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu ni njia ya kuzidisha namba ndefu aliyoigundua Anatoly Karatsuba mwaka 1960, wakati ambapo Kolmogorov alikuwa amedhani kwamba kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa hatua chache kuliko kiwango cha n². Kila namba yenye tarakimu n hukatwa katikati, nusu ya juu na nusu ya chini. Njia ya shuleni ingehitaji mazao manne ya nusu hizo, lakini Karatsuba alionyesha kwamba matatu yanatosha: zao la nusu za juu, zao la nusu za chini, na zao la majumlisho ya nusu za kila namba, ambalo likipunguzwa mazao mawili ya kwanza hutoa sehemu ya katikati. Kujumlisha na kutoa huchukua muda unaolingana na n. Tukichukua gharama hiyo kuwa n kamili, na T(1) = 1, tunapata T(n) = 3T(n/2) + n. (Jumlisho la nusu mbili linaweza kuzidi kwa tarakimu moja, jambo ambalo halibadilishi kiwango cha ukuaji.)

Sasa tunakunjua. Mlinganyo unasema pia kwamba T(n/2) = 3T(n/4) + n/2, kwa hiyo tunaweka hilo mahali pa T(n/2), na kuendelea vivyo hivyo:

```
T(n) = 3T(n/2) + n
     = 9T(n/4) + 3(n/2) + n
     = 27T(n/8) + 9(n/4) + 3(n/2) + n
```

Katika kila ngazi idadi ya matatizo huzidishwa kwa 3, na ukubwa wa kila tatizo hugawanywa kwa 2, hivyo gharama ya ngazi nzima huzidishwa kwa 3/2. Huu ndio uwiano wa mfululizo, na ndio moyo wa hesabu yote. Kwa n = 8 gharama za ngazi, kuanzia juu, ni 8, 12, 18 na 27, na jumla yake ni 65. Msomaji anaweza kuihakiki kwa kupanda kutoka chini: T(2) = 5, T(4) = 19, T(8) = 65.

Kwa kuwa uwiano unazidi 1, ngazi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na jumla nzima haifiki mara tatu yake. Kanuni ya kujumlisha mfululizo wa kijiometri inatoa T(n) = 3·3^h − 2n, ambapo h = log₂ n ni kina cha ukunjuaji. Na 3^(log₂ n) ni sawa na n^(log₂ 3), jambo linaloonekana mara moja ukichukua log₂ ya pande zote mbili. Kiwango cha ukuaji basi ni n^(log₂ 3), yaani takriban n^1.585. Kwa n = 1024, kina ni 10 na T(n) = 175,099, ilhali mazao manne badala ya matatu yangetoa 2,096,128 kwa hesabu hiyohiyo, kwa sababu uwiano ungekuwa 2 na ngazi ya mwisho ingefikia n².

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba kila ngazi hugharimu n, kisha kuizidisha kwa idadi ya ngazi na kupata n log n. Hilo ni sahihi pale tu uwiano unapokuwa 1, kama katika 2T(n/2) + n, ambapo n = 8 hutoa 8 + 8 + 8 + 8 = 32. Njia ya kulinasa ni kuandika gharama za ngazi mbili za kwanza na kuzilinganisha kabla ya kujumlisha chochote: zikipungua, ngazi ya juu ndiyo inayoamua, zikilingana, hesabu ngazi, zikiongezeka, tazama chini kabisa. Kosa jingine ni kusahau kwamba ngazi ni log₂ n + 1, kwani ngazi ya juu kabisa nayo huhesabiwa.

Iwapo n si kipeo cha 2, huinuliwa hadi kipeo kinachofuata, ambacho hakifiki mara mbili yake, na kwa kuwa kuizidisha n kwa 2 huzidisha n^(log₂ 3) kwa 3 tu, kiwango cha ukuaji hubaki kilekile. Lakini gharama ya kuunganisha ikiwa n log n badala ya n, uwiano kati ya ngazi hauwi tena namba moja isiyobadilika, na kanuni ya mfululizo wa kijiometri haiwezi kutumiwa moja kwa moja; hapo kila ngazi huandikwa na logi yake na jumla hutafutwa kwa njia nyingine.