Anwani, tarehe na chanzo: daftari ninalolitunza kabla ya kuingia katika tovuti yoyote

Kazi yangu ni usalama wa mifumo ya kompyuta, na matukio mengi ninayoitwa kuyachunguza huanza na mtu aliyeandika nywila yake halali katika ukurasa usio halali. Karibu kila mara mtu huyo huniambia kwamba aliitazama anwani kwanza, nami humwamini. Tatizo ni kwamba hakuwa na kitu cha kuilinganisha nayo isipokuwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya binadamu hushika umbo la jina zima bila kushika kila herufi iliyomo. Kwa sababu hiyo ninatunza faili moja la maandishi matupu ambamo kila tovuti ninayoingia kwa nywila ina angalau mstari mmoja, na kila mstari unasema anwani ni ipi, niliikagua lini, na nilithibitisha kwa njia gani.

```
ingia.huduma.example | 2023-02-11 | mkataba wa karatasi, uk. 2  | hai
ingia.huduma.example | 2024-02-20 | simu, namba iliyo kwenye kadi | hai
```

Majina yanayoishia na `.example` na `.test` yametengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano na majaribio, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyasajili na msomaji hatafika popote akiyafungua. Tarehe ninaiandika kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa kuwa 03/04 husomwa kwa namna mbili, na pia kwa kuwa mistari iliyoandikwa hivyo hupangika yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Mstari wa zamani siufuti wala siurekebishi: ukaguzi mpya huongezwa chini yake. Faida ya desturi hii ndogo itaonekana mbele.

Kabla ya chanzo, neno moja kuhusu anwani yenyewe. Ninachoandika ni jina lililo kati ya `https://` na mkwaju wa kwanza unaofuata, na jina hilo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika `https://ingia.huduma.example.akaunti.test/`, mwenye ukurasa ni yule anayemiliki `akaunti.test`, na maneno yote yaliyotangulia ni vijina vya ndani ambavyo mmiliki huyo anaweza kuvitunga apendavyo. Katika `https://huduma.example@akaunti.test/`, kila kilicho kabla ya alama ya `@` huchukuliwa na kivinjari kuwa jina la mtumiaji, na safari huishia `akaunti.test`. Kuna pia herufi zinazofanana kwa sura lakini zikiwa tofauti kwa kompyuta, kama vile `а` ya alfabeti ya Kisirili na `a` yetu. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili `xn--80ak6aa92e.com`, umbo la herufi za kawaida la jina lililoandikwa kwa Kisirili, ambalo baadhi ya vivinjari vya wakati ule vililionyesha kama `apple.com`. Ndiyo maana anwani ninaiandika daftarini herufi kwa herufi kutoka kwenye chanzo, badala ya kuinakili kutoka kwenye kivinjari, na jina lenye herufi zisizo za Kilatini ninaliandika katika umbo lake la `xn--`.

Sasa chanzo, ambacho ndicho sehemu ngumu. Nilipoanza daftari hili niliandika katika mistari kadhaa kwamba chanzo ni “tovuti yao”. Miezi michache baadaye niliisoma mistari hiyo upya na nikaona kwamba haisemi lolote: anwani ilikuwa imejithibitisha yenyewe, kama mtu anayejitolea ushahidi mahakamani. Nililazimika kuikagua yote tena. Tangu hapo nina sharti moja, kwamba chanzo kiwe kimenifikia kwa njia ambayo mtu aliyetengeneza ukurasa bandia asingeweza kuigusa. Mkataba wa karatasi niliokabidhiwa ana kwa ana unatimiza sharti hilo. Namba ya simu iliyochapishwa kwenye kadi niliyonayo tangu zamani inalitimiza pia, mradi nimepiga mimi. Barua pepe yenye kiungo hailitimizi, hata ikiwa na nembo na jina langu kamili.

Mara nyingi watu huhesabu vyanzo viwili mahali ambapo kipo kimoja. Ukipokea ujumbe wenye anwani, ukaifungua, na ukurasa unaofunguka ukaonyesha namba ya simu, kisha ukaipiga namba hiyo na sauti ya upole ikakuhakikishia kwamba uko mahali sahihi, hujathibitisha chochote, maana yote matatu yametoka kwa mkono mmoja. Rafiki anayesema kwamba naye amepata anwani ileile si shahidi wa pili ikiwa naye aliipata katika ujumbe uleule. Matokeo ya injini ya utafutaji siyaandiki kuwa chanzo, kwa kuwa la juu kabisa linaweza kuwa tangazo lililolipiwa na mtu yeyote. Kufuli la kivinjari nalo halimo. Cheti cha kawaida cha tovuti huthibitisha kwamba aliyekiomba ana mamlaka juu ya jina lile la kikoa, basi. Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure na bila mkono wa mtu, na tapeli aliyesajili jina lake kihalali hupata kufuli kama mtu mwingine yeyote. Mawasiliano yake na wewe yatakuwa yamesimbwa barabara, ila unazungumza na yeye.

Kwa hiyo katika sehemu ya chanzo ninaandika jambo linaloweza kurudiwa: waraka gani na ukurasa gani, au namba iliyochapishwa wapi. “Niliuliza” haitoshi.

Tarehe inahitajika kwa sababu jina la kikoa hukodishwa. Halinunuliwi moja kwa moja. Majina ya jumla kama yale ya `.com` husajiliwa kwa muda usiozidi miaka 10 kwa mara moja. Mwenye jina asipolipia, kwa kawaida hupita kipindi cha hadi siku 45 ambacho msajili, yaani kampuni inayokodisha majina, anaweza bado kulihuisha kwa utaratibu wa kawaida, kisha siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo jina liko huru na wa kwanza kuliomba hulichukua. Vikoa vya nchi vina kanuni zake. Mstari wenye tarehe ya miaka mitano iliyopita unaniambia ukweli wa miaka mitano iliyopita. Ninaandika siku niliyokagua, hata kama nimeuandika mstari wiki moja baadaye. Anwani za huduma zinazoshika fedha ninazikagua kila miezi sita, na nyingine mara moja kwa mwaka.

Nitaeleza tukio moja lililonifanya nishukuru kwamba sikuwa nimefuta mistari ya zamani, nikiwa nimebadilisha majina. Mwezi Septemba 2024 nilipokea barua pepe iliyosema kwamba huduma niliyoitumia imehamia `huduma-mpya.example`. Sikufungua kiungo. Niliuliza kwanza rajisi ya majina kupitia RDAP, itifaki ya kuulizia taarifa za usajili, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa amri hii:

```
curl -sL https://rdap.org/domain/example.com
```

Katika jibu, hutafutwa neno `registration` na tarehe iliyo karibu nalo. Kwa `example.com` ni 1995-08-14. Kwa jina nililotumiwa mimi, usajili ulikuwa na siku 19 tu. Mtu angeishia hapo na kuiita hadaa, nami nilishawishika. Lakini umri mdogo wa jina ni sababu ya kushuku, wala haujawa ushahidi, kwani kila jina halali liliwahi kuwa na siku 19. Nilifungua anwani ya zamani kutoka daftarini, nikaingia, na nikakuta tangazo lilelile ndani ya akaunti yangu. Kisha nikapiga namba iliyo kwenye kadi na kumwomba mhudumu anitajie anwani mpya herufi kwa herufi, pamoja na kistari, bila mimi kuitamka kwanza. Ukimwuliza mtu “je, ni hii?”, aliyechoka atasema ndiyo. Uhamisho ulikuwa wa kweli.

Jambo lenyewe lilikuja mwaka uliofuata. Mwezi Novemba 2025, katika ukaguzi wa kawaida, niliuliza rajisi kuhusu jina la zamani, ambalo nilikuwa nimeliandika “limestaafu”. Lilikuwa hai, na tarehe yake ya usajili ilikuwa 2025-11-09. Hilo haliwezekani kwa jina nililolikagua kwa macho yangu 2023-02-11, isipokuwa kama lilifutwa na kusajiliwa upya. Katika ukaguzi wangu wa mwisho rajisi ilionyesha kwamba muda wake ungekwisha 2025-08-20. Ukiongeza siku 45, 30 na 5 unafika 2025-11-08. Mtu alikuwa akilisubiri jina, akalichukua siku iliyofuata. Wateja wote waliokuwa na alamisho za zamani kwenye vivinjari vyao walikuwa sasa wanabisha hodi kwake.

```
huduma-mpya.example | 2024-09-17 | simu ya kadi + tangazo ndani | hai
huduma.example      | 2025-11-21 | RDAP: usajili 2025-11-09     | USIFUNGUE
```

Ulinganisho huu, tarehe ya usajili dhidi ya tarehe kongwe kabisa daftarini, ndio ukaguzi ambao hauwezi kufanywa bila daftari. Lakini hufanya kazi upande mmoja tu. Usajili ukiwa mpya kuliko mstari wangu wa kwanza, jina limebadilisha mikono kwa hakika, au angalau mwenyewe alilipoteza na kulipata tena. Usajili ukiwa mkongwe, sijui kitu: jina lililouzwa huhama na tarehe yake ya awali, na wasajili wengi hunadi majina yaliyoisha muda kabla hayajafutwa, kwa hiyo tarehe hubaki ileile chini ya mmiliki mpya. Hapo hurudi kwenye simu na karatasi.

Daftari halioni pia tovuti halisi iliyovamiwa kutoka ndani, wala mtandao uliovurugwa ili jina sahihi lipeleke mahali pasipo sahihi. Katika hali hii ya pili kivinjari kwa kawaida hulalamika kuhusu cheti, na onyo hilo halipitwi. Namba za IP na alama za vidole za vyeti siziandiki, kwa kuwa vyeti vingi hubadilishwa kila baada ya siku 90 au chini ya hapo, na mstari unaopiga kelele kila mara huishia kupuuzwa.

Nywila hazimo katika faili hili. Zina programu yake, ambayo hukataa kuijaza nywila pale anwani isipolingana, na kila inapokataa ninafungua daftari kabla ya kuandika chochote kwa mkono. Hata hivyo faili linaonyesha mahali pote nilipo na akaunti, kwa hiyo limesimbwa. Nakala moja ninaichapisha kwenye karatasi kila Januari, na mwaka unaofuata huilinganisha na faili mstari kwa mstari, kwa sababu atakayeweza kubadilisha herufi moja ndani ya kompyuta yangu hataweza kuibadilisha iliyo kabatini.