Chupa imepasuka kabla ya uchungu: vidonge 40 vinavyonunua siku

"Mdogo wangu ana mimba ya wiki 30, yuko Tandahimba. Maji yametoka ghafla, uchungu hakuna, homa hakuna. Wamempeleka hospitali ya Ligula, Mtwara, wamempa erithromaisini ya siku kumi. Kwa nini apewe dawa ya bakteria wakati haumwi? Na kwa nini si dawa yenye nguvu zaidi?"

Dawa hiyo haizibi chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto. Ikishapasuka, mara nyingi imepasuka, na karibu nusu ya kina mama wa namna hii hujifungua ndani ya wiki moja. Kinachopiganiwa ni siku zilizobaki, na anayezifupisha mara nyingi ni bakteria.

Chupa ikiwa nzima, ndiyo ukuta kati ya mtoto na bakteria wanaoishi ukeni. Ikipasuka, wanapanda taratibu kupitia mlango wa kizazi. Wakifika kwenye ngozi ya chupa na kondo la nyuma, mwili unapambana nao, na katika mapambano hayo hutengenezwa prostaglandini, kemikali zilezile zinazolainisha mlango wa kizazi na kuuamsha mji wa mimba ukaze. Kwa hiyo maambukizi yanaweza kuanza kimyakimya, uchungu ukafuata, na homa ikaja mwisho kabisa. Anayengoja homa ndipo ampe mama dawa amechelewa. Majaribio ya tiba yaliyolinganisha waliopewa dawa na wasiopewa yameonyesha kuwa dawa hupunguza uzazi wa ndani ya saa 48 na wa ndani ya siku 7, na hupunguza maambukizi ya mji wa mimba kwa takriban theluthi. Vifo vya watoto havikupungua kwa kiwango cha wazi, na hilo lisemwe bila kuficha.

Kabla ya kidonge cha kwanza ni lazima ijulikane kuwa ni chupa kweli. Mkojo hudanganya, ute mwingi pia hudanganya. Mama analazwa chali, anawekewa spekula safi, kifaa cha kupanulia uke, daktari anaangalia kama maji yamejikusanya nyuma ya uke, kisha anamwambia akohoe aone kama yanachuruzika kutoka kwenye mlango wa kizazi. Tone likikaushwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini, maji ya uzazi huchora umbo kama majani ya kangaga. Karatasi ya kupima uchachu hugeuka buluu, lakini damu au shahawa nazo zinaweza kuigeuza, kwa hiyo isiaminiwe peke yake.

Kosa kubwa hapa ni kupima njia kwa vidole. Mama ambaye hana uchungu hapimwi hivyo, kwa sababu kidole kinabeba bakteria kutoka chini hadi kwenye mlango wa kizazi, na siku za kungoja zinapungua. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kujamiiana, kunawa ndani wala kuweka dawa yoyote ukeni. Avae pedi, aangalie rangi na harufu, akumbuke saa maji yalipoanza.

Sasa kuhusu dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza erithromaisini miligramu 250, mara 4 kwa siku, kwa siku 10 au mpaka mama ajifungue. Hesabu ni vidonge 40. Tuseme huyu mdogo wako alimeza cha kwanza Jumatatu saa 6 mchana: vinavyofuata ni saa 12 jioni, saa 6 usiku na saa 12 asubuhi, na cha mwisho kinaangukia Alhamisi ya wiki inayofuata, saa 12 asubuhi. Kile cha saa 6 usiku ndicho kinachorukwa sana. Dawa hii pia huchafua tumbo. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, amwambie nesi, asinyamaze. Na kwa kuwa malaria kwetu Kusini haiko mbali, aseme kama anatumia dawa ya mseto, maana mseto na erithromaisini vikikutana vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ziko hospitali zinazofuata mpango mwingine wa siku 7: ampisilini gramu 2 na erithromaisini miligramu 250 kwenye mshipa kila saa 6 kwa siku 2, kisha vidonge vya amoksilini na erithromaisini kwa siku 5. Nao ni mpango halali. Usishangae jirani akikuambia yeye alipewa tofauti.

Kuhusu nguvu, kuna dawa moja isiyotakiwa hapa: amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2001, lenye zaidi ya wanawake 4,800, watoto ambao mama zao walipewa dawa hiyo walipata zaidi ugonjwa wa kuoza utumbo unaowapata njiti. Jaribio pacha lilihusu kina mama wenye dalili za uchungu wa mapema lakini chupa nzima. Kwao dawa hizi hazikusaidia, na watoto walipofuatiliwa wakiwa na miaka 7, waliotokana na mama waliopewa dawa walikuwa na mtindio wa ubongo zaidi. Ndiyo maana spekula inatangulia kidonge, na ndiyo maana vidonge vya duka la dawa vilivyobaki nyumbani si vya kujaribia.

Siku zilizonunuliwa zina kazi. Kama umri wa mimba unajulikana vizuri, mama hana maambukizi na hospitali inaweza kumhudumia njiti, anachomwa deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, sindano 4, ili mapafu ya mtoto yakomae. Kwa huyu wa Jumatatu mchana, sindano ya nne ni Jumanne saa 6 usiku. Erithromaisini ikiweza kumsogeza hata siku mbili tu, sindano zote zimeingia. Hapo ndipo kidonge kinapolipa deni lake.

Wakati huo wote anapimwa joto, mapigo ya moyo yake na ya mtoto, mara kadhaa kwa siku. Tuseme Jumanne ya wiki ya pili, akiwa bado anameza vidonge, joto linafika 38.2, mapigo yake 118, ya mtoto 172, tumbo linauma likiguswa na maji yananuka. Bakteria wameshinda. Kuongeza vidonge hakusaidii, na dawa za kuzuia uchungu hazipewi. Anawekewa ampisilini gramu 2 kwenye mshipa kila saa 6, na jentamisini miligramu 5 kwa kila kilo mara moja kwa siku, yaani miligramu 300 kama ana kilo 60, na mtoto anatolewa bila kungoja wiki zitimie. Akiwa bado chini ya wiki 32, hupewa pia magneziamu salfeti kulinda ubongo wa mtoto. Dalili zote hazihitajiki kuwapo pamoja: mapigo ya mtoto yanaweza kupanda kabla mama hajahisi joto lolote.

Dalili hizo zisipokuja, anaendelea kungoja, na madaktari wanaamua lini waanzishe uchungu kati ya wiki ya 34 na ya 37. Chupa ikipasuka mimba ikiwa imetimia wiki 37, habari ni nyingine: dawa hizi hazitolewi kwa kila mama, kwa sababu hakuna tena siku za kununua.