Mwenye viungo vingi si lazima awe kitovu

"Nimewauliza wanafunzi 10 wanasoma na nani. Mwenye viungo vingi ndiye kitovu, basi taarifa nimpe yeye, sivyo?"

Hapana; hesabu hiyo inaonyesha anayesoma na wengi tu. Tuseme 5 wanasoma pamoja, kila mmoja na kila mwenzake: viungo 10. Wengine 4 nao vilevile: viungo 6. Mwanafunzi K anasoma na wawili wa kundi la kwanza na wawili wa kundi la pili: viungo 4. Jumla 20. Jozi zinazowezekana ni 10×9/2, yaani 45, hivyo msongamano, yaani sehemu ya jozi hizo zilizo na kiungo, ni 20/45, takriban 0.44. Ukiiona namba hiyo peke yake utadhani darasa limeungana vizuri, ilhali ndani ya kila kundi msongamano ni 1 na kati ya makundi hakuna kiungo hata kimoja cha moja kwa moja.

Sasa mtazame K. Ana viungo 4. Wapo wawili wenye 5. Lakini jozi zote 20 za kundi moja na lingine hupitia kwake. Siku asipokuja, darasa linakatika vipande viwili. Huo ndio ukitovu wa kuwa njiani.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukisema "taja watatu", majibu hayazidi 30 kati ya 90 yanayowezekana kila mmoja akiwa huru kutaja wenzake wote 9, na msongamano utashuka kwa sababu ya dodoso lako. Ningewapa orodha ya majina yote watie alama.